Lengo limetimia, lakini tangazo la mchango bado linazunguka

Shangazi, shikamoo.

Mimi ndiye mweka hazina wa mchango wa matibabu ya baba yetu. Tuliandika tangazo linaloanza “Tunaomba msaada wa haraka, upasuaji ni Alhamisi ijayo”, na binamu yangu akatengeneza bango lenye picha ya baba na namba yangu ya kupokelea pesa. Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzetu wakalisambaza kwenye makundi mengi ya WhatsApp. Lengo likatimia, hospitali ikalipwa, baba akafanyiwa upasuaji na sasa yuko nyumbani. Niliandika “Asanteni sana, tumefikisha” kwenye kundi la familia na kundi la kamati, nikadhani yameisha.

Hayajaisha. Pesa bado zinaingia kutoka kwa watu nisiowajua. Juzi wifi yangu amelikuta tangazo kwenye kundi la wazazi wa shule, limewekwa kama jipya. Nilifuta nililoliweka mimi lakini mengine yapo palepale. Mtu mmoja ameniuliza waziwazi kama tunatapeli watu, na baba mwenyewe ametumiwa ombi la kumchangia. Nifanyeje tangazo hili life?
Mweka Hazina

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuuguza, na nashukuru kusikia baba amerudi nyumbani.

Linalokusumbua kwanza ni maneno “Alhamisi ijayo”. Kila anayelisoma tangazo hilo leo, Alhamisi kwake ni ile inayokuja, kwa hiyo kwa macho yake mgonjwa bado yuko kitandani anasubiri. Tangazo lisilo na tarehe halizeeki. Anayelisambaza leo hana nia mbaya. Limemfikia asubuhi, ameingiwa na huruma, naye amelipeleka kwa wenzake. Ndiyo maana sitaki uanze kwa kugombana na watu. Hao ndio waliokuchangia, na ndio utakaowahitaji kulizima.

La pili ni kwamba ujumbe ukisambazwa, kila nakala inakuwa mali ya aliyeisambaza. Ulipofuta la kwako, ulifuta lile moja tu. Lililopelekwa na jirani yako kwenye kundi la wazazi ni ujumbe mwingine kabisa, na simu yako haina amri juu yake. Huwezi kuzifuta zote kwa mkono wako, na hakuna fundi wa simu atakayekufanyia hivyo, hata akikuahidi. Unaloweza kufanya ni kuandika tangazo la kufunga litakaloyafuata yale ya zamani kwa njia zilezile, halafu kuondoa zile nakala ambazo bado zinaondoleka. Shika mpangilio huo. Ukianza kufuta kabla hujatangaza, watu wanabaki wakiangalia mstari unaosema ujumbe umefutwa, hawajui kwa nini, na yule aliyekuuliza kama mnatapeli atapata wenzake.

“Asanteni sana, tumefikisha” lilikuwa neno la adabu lakini halikufunga kitu. Lilikwenda kwenye makundi mawili ambayo watu wake walikuwa wanajua tayari. Halikusema mgonjwa ni nani, halikusema msitume tena, na hakuna mtu anayechukua shukrani za familia nyingine akazipeleka kwenye kundi la kazini kwake. Tangazo la kufunga linaandikwa kwa ajili ya mtu asiyekujua kabisa, aliyepata ombi lako kupitia mikono minne au mitano. Ningeandika hivi:

“MCHANGO UMEFUNGWA, USITUME PESA. Huu ni mchango wa matibabu ya Mzee (jina), namba ya kupokelea inayoishia (tarakimu tatu za mwisho). Umefungwa tarehe (siku, mwezi, mwaka). Lengo limetimia na hospitali imelipwa. Tangazo linaloanza ‘Tunaomba msaada wa haraka, upasuaji ni Alhamisi ijayo’ ni la zamani. Ukiliona mahali popote, weka ujumbe huu hapohapo na umwombe aliyeliweka alifute. Anayeomba pesa kwa jina la mgonjwa huyu kuanzia sasa hakutumwa na familia. (Jina lako), mweka hazina.”

Neno la kufunga limekaa mwanzoni kabisa kwa sababu mtu akiangalia orodha ya makundi yake anaona maneno machache ya kwanza tu, na wengi hawafungui zaidi ya hapo. Ukianza na salamu na shukrani, hao watapita. Namba ya simu haimo nzima, na hili naomba ulisimamie hata wenzako wakikuambia uiongeze ili watu wawe na uhakika. Watu hukata ujumbe. Mtu atanakili nusu ya chini, namba itabaki na maneno ya kufunga yatapotea, nawe utakuwa umetengeneza ombi jipya kwa mkono wako. Tarakimu tatu za mwisho zinamtosha aliye na tangazo la zamani kulinganisha, lakini hakuna anayeweza kuzitumia kutuma pesa. Mwanzo wa tangazo la zamani nao nimeuweka neno kwa neno ili mtu alitambue mara moja akikutana nalo.

Shukrani zako ziandike kwenye ujumbe wa peke yake, siku nyingine. Na usikubali mtu yeyote kwenye kamati aongeze kile kimstari cha “lakini mwenye moyo bado anaweza kuchangia dawa”. Kimstari hicho kinalifungua tena lote. Kama kweli mtahitaji pesa za dawa baadaye, uwe mchango mwingine, wenye lengo lake na tarehe yake ya mwisho.

Bango la binamu yako ni kazi nyingine, maana wengi waliolipokea waliona picha peke yake bila maandishi yoyote. Mwombe afungue faili lilelile, afute namba, na juu ya bango aweke mkanda mpana wa mshazari unaoandikwa MCHANGO UMEFUNGWA pamoja na tarehe. Rangi na mpangilio vibaki vilevile, kwa sababu jicho linakumbuka bango kabla ya kukumbuka maneno. Picha ya baba ningeifunika au kuifanya hafifu. Ameshapona, na sioni sababu ya sura yake ya hospitalini kuendelea kuzunguka. Bango jipya litumwe pamoja na yale maandishi, ujumbe mmoja, picha juu na maneno chini yake. Binamu pia aangalie kama faili la kwanza liko mahali pengine watu wanakolichukua, kwa mfano picha ya kundi la kamati au stetasi anayoirudia kila siku. Stetasi hujifuta yenyewe baada ya saa 24, lakini ndugu wengine huiweka upya kila asubuhi kwa mazoea bila kuuliza kama bado inahitajika.

Sasa kulipeleka. Usilisambaze wewe kwenye makundi yote. Kwanza hauko kwenye yote, na pili WhatsApp ina breki zake: ujumbe uliokwisha kupita mikono mitano au zaidi unawekewa alama ya mishale miwili na maneno ya kuonyesha umesambazwa mara nyingi, na kuanzia hapo unaweza kupelekwa kwenye gumzo moja tu kwa wakati. Breki hiyo inazuia uongo, lakini itazuia na lako pia. Tangazo la zamani lilipata wiki kadhaa za kutambaa. La kufunga unataka lifike kwa siku mbili. Kwa hiyo mtumie kila aliyekusaidia kusambaza, mmoja mmoja, si kwenye kundi, na umwombe anakili maneno ayabandike upya, kila kundi alikopeleka tangazo la kwanza. Ukimwandikia mtu peke yake anajua kazi ni yake. Ukiandika kwenye kundi la kamati, kila mmoja atadhani mwenzake ameshafanya.

Mtu hakumbuki alipeleka wapi, hiyo ni kawaida. Mwelekeze hivi: afungue sehemu ya kutafuta juu ya orodha ya magumzo, aandike maneno “Alhamisi ijayo” au namba yako nzima kama ilivyoandikwa kwenye tangazo. Simu itamletea kila gumzo lenye maandishi hayo. Bango lililotumwa bila maandishi halitatokea kwenye utafutaji huo, kwa sababu simu inatafuta maneno yaliyoandikwa kwenye ujumbe, kwa hiyo kwa mabango itabidi aingie kwenye picha za kila kundi analolishuku aangalie kwa macho.

Akilipata, atakutana na moja kati ya hali mbili. Kama yeye ndiye aliyelituma na halijapita siku mbili hivi, bado anaweza kulifuta kwa wote. Analibonyeza na kulishikilia, anachagua alama ya kufuta, halafu Delete for everyone. Mwambie asiharakishe hapo, kwa sababu pembeni yake kuna Delete for me, na akigusa hiyo, ujumbe unatoweka kwenye simu yake peke yake huku wenzake wote wakiendelea kuuona. Kuna nafasi ya sekunde chache ya kutengua kosa hilo, kisha inafungwa, na baada ya hapo hata yeye hana tena pa kuushika. Nimeona watu wazima wakiapa kwamba wamefuta, nao wanasema kweli kwa kadiri ya wanachokiona.

Kama siku hizo zimepita, Delete for everyone haitatokea kabisa. Kuhariri nako hakutasaidia, maana WhatsApp inaruhusu kuhariri ndani ya dakika 15 tu tangu kutuma. Hapo ndipo inapofaa kuujibu ule ujumbe wa zamani wenyewe: anaubonyeza, anachagua kujibu, anabandika tangazo la kufunga. Wanakundi wataona yote mawili yameshikana.

Asichanganye njia hizi mbili. Ukiujibu ujumbe halafu ukaufuta, kile kipande cha maneno ya zamani kilichonukuliwa juu ya jibu kinabaki kikisomeka, na kama tangazo lilikuwa fupi, namba yako inaweza kuwa ndani ya kipande hicho. Linalofutika lifutwe, halafu la kufunga liwekwe kama ujumbe mpya. Lisilofutika lijibiwe. Najua nimesema tangazo litangulie kufuta, na hapa naonekana kugeuza. Ninachotaka ni hayo mawili yafuatane kwa dakika moja, kundi lisikae na alama ya kilichofutwa bila maelezo.

Kwenye makundi ambayo aliyelituma hajulikani au hajibu, nenda kwa admini. Admini wa kundi la WhatsApp anaweza kufuta kwa wote ujumbe wa mwanakundi yeyote akiwahi, na hata akichelewa anaweza kubandika tangazo lako juu ya gumzo kwa saa 24, siku 7 au siku 30. Mwombe siku 7. Kwenye kundi lenye kelele, tangazo lisilobandikwa linafunikwa kabla ya jioni. Maneno ya kumwandikia yawe mafupi na ya heshima: “Habari yako. Mimi ni mweka hazina wa mchango wa Mzee fulani. Mchango umefungwa, lakini kundi lako bado lina tangazo la zamani lenye picha yake na habari za ugonjwa wake. Naomba ulifute au ubandike hili. Asante.” Ukitaja picha na ugonjwa, admini anaelewa kwamba kuna mtu mzima mwenye heshima zake nyuma ya bango hilo, na wengi hufanya siku hiyohiyo. Kuna maadmini watakaokuambia wamewasha ujumbe wa kujifuta. Washukuru, lakini ujue mpangilio huo unagusa ujumbe unaokuja baada ya kuuwasha. Wa zamani unabaki.

Kama mliweka tangazo na Facebook, huko mambo yanakwenda kinyume. Usilifute. Lihariri, kwa sababu walioshirikisha chapisho lako wanaonyesha chapisho lenyewe, na ukilibadilisha pale lilipoanzia, linabadilika kote lilikoshirikishwa. Hali ni hiyohiyo kwa ukurasa wa mtandaoni wa kuchangisha: simamisha upokeaji wa pesa lakini acha ukurasa wazi, ukiwa na neno la kufunga juu kabisa. Mtu akifuata kiungo cha zamani akakuta ukurasa haupo, mawazo yake yatakwenda kwenye utapeli moja kwa moja.

Tunabaki na hizo pesa zinazoingia, na hapa ndipo ningetumia nguvu nyingi kuliko penginepo. Laiti ingekuwa akaunti maalumu ya mchango, ningekuambia uombe ifungwe kupokea. Ni namba yako binafsi, huwezi kuifunga, na nisingependa uizime, maana namba ikizimwa katikati ya tuhuma inaonekana umekimbia. Basi kila pesa itakayoingia baada ya tarehe ya kufunga, irudishe siku hiyohiyo kwa namba ileile iliyotoka, kiasi kilekile. Makato ya kurudisha usimkate mtumaji; yatoe kwenye mfuko wa mchango na uyaandike kwenye hesabu. Mwambie hivi: “Nashukuru sana kwa moyo wako. Mchango ulifungwa tarehe fulani, nimekurudishia. Naomba uniambie tangazo uliliona kundi gani, na nani aliliweka.”

Swali hilo la mwisho ndilo litakaloliua tangazo. Huna njia nyingine yoyote ya kujua nakala zilizobaki ziko wapi, kwa sababu WhatsApp haikuonyeshi ujumbe wako umefika makundi gani baada ya kutoka mikononi mwa uliyemtumia. Mtumaji aliyechelewa ndiye aliyeiona nakala hai. Chukua mfano wa kundi la wazazi. Wifi yako yumo, kwa hiyo anamuuliza faraghani aliyeliweka: “Wewe ulilipata wapi?” Tuseme anajibu kwamba lilitoka kundi la kwaya. Wifi anampa tangazo la kufunga alirudishe kwaya, na aliyeko kwaya anaulizwa swali lilelile. Ukipanda ngazi hizo mbili au tatu, mara nyingi unafika kwa mtu mmoja mwenye makundi mengi anayelipeleka kila anapoliona, na ukimpata huyo umepata chanzo cha nakala nyingi. Andika kwenye daftari: tarehe, pesa iliyoingia, imerudishwa, kundi lililotajwa, nani amelishughulikia. Utajua tangazo linakufa kwa kuangalia nafasi kati ya pesa moja na nyingine. Ikiwa zilikuwa zinaingia kila siku, zikaanza kupita siku tatu nne bila kitu, uko kwenye njia. Ikitokea kadhaa zimeingia kwa siku moja baada ya kimya, kuna mtu amelifufua kwenye kundi kubwa, na majibu ya hao waliotuma yatakuonyesha lipi. Wiki moja baada ya mara ya kwanza, rudia kutuma tangazo la kufunga kwenye makundi yaliyotajwa daftarini tu. Ukirudia kote, watu watachoka nalo.

Jambo moja liangalie mapema: mtu akikuambia ametuma lakini kwako hakijaingia kitu, mwombe akutumie picha ya skrini ya tangazo aliloliona na ulinganishe namba. Tangazo la zamani lililosahaulika ndilo matapeli hulipenda, kwa sababu picha ni ya kweli, mgonjwa ni wa kweli, na kinachobadilishwa ni namba peke yake. Ukikuta namba si yako, mwambie aliyetuma apigie mtoa huduma wake wa pesa mara moja aripoti muamala huo, nawe ripoti polisi na uandike kwenye makundi yaliyohusika kwamba namba hiyo ni ya mtu mwingine. Usiinakili namba ya tapeli yote kwenye onyo lako. Tarakimu za mwisho zinatosha hapo pia.

Kwa yule aliyekuuliza kama mnatapeli, usimjibu kwa hasira wala kwa maelezo marefu. Mwonyeshe hesabu: jumla iliyoingia mpaka siku ya kufunga, stakabadhi ya hospitali ukiwa umefunika habari za ugonjwa, na orodha ya zilizorudishwa. Ukurasa huohuo uweke kwenye kundi la kamati, majina ya wachangiaji yakiwa yamefichwa.

Zitabaki pesa chache usizoweza kurudisha, kwa mfano namba iliyotuma haipatikani tena au zilipita kwa wakala na mtumaji hajulikani. Zitenge, usizichanganye na za nyumbani hata kwa siku moja. Zitaje kwenye hesabu kwa jina hilohilo, “zilizoingia baada ya kufungwa”, na uitishe kamati iamue pamoja nawe ziende wapi, maamuzi yaandikwe, na waliokuwepo watie sahihi. Mpaka hapo usizishike peke yako.